Tiketi ya kwenda na kurudi India kwa matibabu, tarehe ya kurudi hatuijui. Nikate ya aina gani?

BintiMikindani (Jumapili, saa 2:10 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya tiketi za ndege.

Mama yangu ana uvimbe karibu na uti wa mgongo. Tulianzia hospitali ya Ligula, tukapelekwa Dar, na sasa tumepata nafasi hospitali moja ya Chennai. Tunaondoka Dar tarehe 3 Machi, mimi na yeye. Daktari wa kule ametuandikia hivi: wakishamfanyia upasuaji watapima nyama. Majibu yakiwa mazuri, wiki nne tunarudi nyumbani. Yakiwa mabaya anaunganishiwa mionzi, na hapo jumla inafika wiki kumi na moja hivi. Majibu yenyewe yatatoka kama siku kumi baada ya upasuaji. Kwa hiyo hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kunipa tarehe ya kurudi leo.

Wakala amenipa bei tatu, kila moja ni kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi:

Ya mwezi mmoja, 1,740,000, kubadilisha tarehe dola 100.
Ya miezi mitatu, 1,930,000, kubadilisha dola 75.
Ya mwaka mmoja, 2,890,000, kubadilisha bure. Hii ndiyo anaiita "tiketi ya wazi" na ndiyo anayonisukumia.

Hela ni ya korosho za mwaka huu, za mama na za wajomba. Nikikosea hakuna mnada mwingine hadi Oktoba. Nifanyeje?

MzeeKorosho (saa 2:31 usiku)

Pole sana binti yangu, Mungu amsimamie mama. Usiogope, chukua ya bei ya chini. Tiketi ya ndege uhai wake ni mwaka mmoja, ndivyo ilivyo tangu zamani, mimi nimesafiri sana kikazi. Hiyo ya mwezi mmoja ni maneno ya mawakala. Ukichelewa unalipa faini unarudi.

NdoroLindi (saa 2:40 usiku)

Dada, ushauri wangu usikate ya kurudi kabisa. Mimi Mei 2024 nilikuwa na tiketi ya kurudi Lindi, kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika kule Somanga, tukakaa. Tiketi ya basi ikipita siku yake imepita. Kata ya kwenda tu, ya kurudi utakata siku ya kurudi.

BintiMikindani (saa 2:44 usiku)

Asante kaka, lakini nazungumzia ndege ya Dar kwenda Chennai. Mtwara kwenda Dar bado sijafikia huko.

KaunterNne (saa 3:15 usiku)

Dada, pole na safari. Nimekaa kaunta ya tiketi Dar miaka kumi na minne kabla ya kurudi nyumbani Masasi, kwa hiyo naomba nikueleze taratibu.

Mzee wangu, shikamoo. Ulichosema ni kweli kwa nauli kamili. Tiketi ya nauli kamili inaishi mwaka mmoja tangu siku ya kuanza safari, na kama hujaianza kabisa, mwaka mmoja tangu siku iliyokatwa. Ila nauli za bei nafuu zina sharti lake la pili, muda wa juu wa kukaa huko unakokwenda. Likisema mwezi mmoja, ni mwezi mmoja kweli. Wakala hapo hajadanganya.

Dada, chukua kalenda. Mnaondoka Dar 3 Machi. Muda wa kukaa unahesabiwa tangu siku mnayoondoka, hauanzi siku mnayofika. Ya mwezi mmoja inataka muwe mmeanza safari ya kurudi kabla ya tarehe 3 Aprili kuisha. Ya miezi mitatu, 3 Juni. Sasa weka maneno ya daktari juu yake. Wiki nne ni 31 Machi. Yaani hata kama majibu ni mazuri kabisa, tiketi ya mwezi mmoja inakuachia siku tatu za akiba. Kidonda cha mgongo kikichelewa kukauka kwa wiki moja tu, daktari hamruhusu kukaa kwenye kiti cha ndege, na wewe umeshatoka nje ya muda.

Ukitoka nje ya muda hulipi dola 100 ukarudi hivihivi. Nauli yote, ya kwenda na ya kurudi, inahesabiwa upya kwa nauli nyingine inayoruhusu siku ulizokaa. Unalipa tofauti ya nauli, na ile penati juu yake. Na kuna nauli ambazo sharti lake linakataza kabisa kuongeza muda, hapo kipande cha kurudi kinakufa mkononi.

SalmaMaskati (saa 3:38 usiku)

Hapo penye kufa mkononi mimi ni shahidi. Mdogo wangu alikuja Muscat kunisaidia nilipojifungua, tiketi yake ya mwezi mmoja. Mtoto akaumwa, nikambakiza siku tisa zaidi. Kupiga simu wanasema nauli hii hairuhusu, nunua mpya. Nilinunua mpya. Dada usicheze na ya mwezi mmoja.

Ila na mimi naona hiyo ya mwaka ndiyo sahihi kwako. Ni ghali lakini unalala usingizi.

KaunterNne (saa 3:59 usiku)

Dada Salma, pole. Lakini tupige hesabu kabla ya kumwambia atoe hela hiyo, maana wao ni wawili. Naweka dola kwa 2,600 ili tuelewane tu.

Ya miezi mitatu kwa watu wawili ni 3,860,000. Ya mwaka ni 5,780,000. Tofauti ni 1,920,000. Kubadilisha tarehe mara moja kwenye ya miezi mitatu ni dola 150 kwa wote wawili, kama 390,000. Hata wakibadilisha mara mbili ni 780,000. Bado wana zaidi ya milioni moja kibindoni, na kule Chennai hiyo ni chumba na chakula cha siku nyingi.

Na ya mwezi mmoja ikienda vibaya? Wanaanza na 3,480,000. Kuipandisha iwe ya miezi mitatu ni tofauti ya 190,000 na penati 260,000, yaani 450,000 kila mtu. Jumla 4,380,000. Ya miezi mitatu ikibadilishwa mara moja ni 4,250,000. Utaona tofauti si kubwa, lakini hesabu hiyo ya mwezi mmoja imejengwa juu ya mambo mawili ambayo hamna hakika nayo: kwamba sharti linaruhusu kupandisha, na kwamba siku hiyo nafasi za nauli ya miezi mitatu bado zipo.

Hili la nafasi ndilo watu hawaambiwi. Ndege ikiwa na viti thelathini vitupu haina maana kuna kiti cha nauli yako. Viti vimegawanywa kwa madaraja yenye herufi, na bei uliyolipa ina herufi yake. Siku unayotaka kurudi, herufi yako ikiwa imeisha, unalipa tofauti kufikia herufi iliyobaki. Kwa hiyo dola 75 ni penati tu. Tofauti ya nauli ni jambo jingine, na inaweza kuwa sifuri au ikawa kubwa kuliko penati. Hata hiyo "kubadilisha bure" ya ile tiketi ya mwaka, mara nyingi maana yake ni penati sifuri. Tofauti ya nauli inabaki palepale.

BintiMikindani (saa 4:06 usiku)

Kaka, hilo la mwisho wakala hakuniambia. Aliniambia "unabadilisha bure kabisa, siku yoyote".

Na "tiketi ya wazi" ni ipi hasa? Maana nilifikiri ni tiketi isiyo na tarehe.

KaunterNne (saa 4:20 usiku)

Tiketi ya wazi halisi ni ile ambayo kipande cha kurudi hakina tarehe wala namba ya ndege. Pale panaandikwa `OPEN` badala ya `OK`. Nauli nyingi za bei nafuu haziruhusu hilo. Anachokuuzia wakala kinaonekana ni tiketi yenye tarehe ya kubahatisha, yenye ruhusa ya kubadilisha. Ni kitu tofauti, japo mitaani vyote vinaitwa vya wazi.

Na ya wazi halisi usiitamani sana. Haikuhifadhii kiti. Umelipia safari, lakini siku ukitaka kurudi unaanza kuomba nafasi kama mtu mwingine yeyote.

Nachingwea87 (Jumatatu, saa 12:50 asubuhi)

Asubuhi njema. Nimepitia njia hiyohiyo na baba, naongeza jambo la viza kwa sababu linagusa tarehe.

Kama mmeomba viza ya matibabu ya mtandaoni, ni siku 60 na unaweza kuingia mara tatu. Lakini hizo 60 zinahesabiwa tangu siku mnayoingia India, si siku mnayotoka Dar. Mkiondoka tarehe 3 mkafika tarehe 4 Machi, siku ya sitini ni 2 Mei. Tiketi yenu ya miezi mitatu inafika 3 Juni, viza imekwisha mwezi mzima kabla. Wiki kumi na moja ni kama 19 Mei. Mionzi ikihitajika, viza hiyo haitoshi.

Sisi tuliongezewa tukiwa kulekule, kupitia ofisi ya wageni inayoitwa `FRRO`, na hospitali ndiyo iliyotuandikia barua. Ilitupa wasiwasi sana kwa sababu tulikuwa tunasubiri jibu huku tarehe ya ndege inakaribia. Kama bado mna muda, bora kuomba viza ya matibabu ya kawaida ubalozini Dar, waonyesheni barua ya daktari inayotaja wiki kumi na moja.

Na kaka wa Lindi, kwenda bila ya kurudi kuna shida yake. Masharti ya viza ile yanasema msafiri awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele. Kaunta ya Dar wanaweza kukuzuia kupanda.

NdoroLindi (saa 1:15 asubuhi)

Nimekuelewa mkuu. Sikujua hilo.

MzeeKorosho (saa 1:40 asubuhi)

Nimejifunza kitu. Lakini nauliza, mtu si anaweza kuangalia mwenyewe kwenye tiketi? Ninayo moja ya zamani hapa ina maneno `NVB` na `NVA`. Nilielezwa kwamba `NVA` ndiyo tarehe ya mwisho.

KaunterNne (saa 2:05 asubuhi)

Ndiyo mzee wangu, `NVB` ni "si halali kabla ya" na `NVA` ni "si halali baada ya". Lakini angalia mtego wake. Nauli za bei nafuu mara nyingi huandikwa tarehe ileile ya ndege pande zote mbili. Mfano:

```
28APR  OK  NVB 28APR  NVA 28APR
```

Mtu akisoma hapo anadhani tiketi inakufa 28 Aprili. Maana yake ni kwamba kipande hicho, kama kilivyokatwa, kinatumika siku hiyo tu, ukitaka siku nyingine lazima tiketi ikatwe upya. Muda wa juu wa kukaa unaweza kuwa bado ni 3 Juni. Na wengine husoma herufi za msimbo wa nauli, wakiona `3M` wanasema ni miezi mitatu. Ni dalili nzuri, lakini si ushahidi.

Ushahidi ni masharti ya nauli yenyewe. Dada, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie wakala akutumie picha ya skrini ya vichwa viwili: `MAXIMUM STAY` na `PENALTIES`. Anavyo, ni suala la kubonyeza tu. Kwenye `PENALTIES` soma sehemu tatu: kubadilisha kabla ya safari kuanza, kubadilisha baada ya safari kuanza, na `NO SHOW`. Wewe unahitaji ya pili. Wakala wengi hutaja ya kwanza kwa sababu ndiyo iko juu.

Hiyo `NO SHOW` ni mtu kutotokea uwanjani bila kubadilisha mapema. Penati yake ni kubwa zaidi, na nauli nyingine hazirudishi chochote. Kwa hiyo mkijua hamtasafiri, badilisheni kabla ndege haijaondoka hata kama hamjui tarehe mpya. Wekeni yoyote ya mbele iliyo ndani ya muda. Na kumbuka India wako mbele yetu saa mbili na nusu. Ndege yenu ikiondoka Chennai saa moja asubuhi, huku ni saa kumi na nusu alfajiri, na wakala wako amelala. Chukua namba ya ofisi ya shirika ya kulekule Chennai.

SalmaMaskati (saa 2:30 asubuhi)

Sasa tarehe ya kubahatisha aweke ipi? Mimi ningeweka 31 Machi. Tuombe mema, majibu yawe mazuri, arudi bila kulipa chochote.

KaunterNne (saa 2:52 asubuhi)

Mimi ningeweka mwishoni mwa Aprili, ndani ya zile siku 60 kama viza itakuwa ya mtandaoni. Majibu ya nyama yatatoka kama tarehe 20 hivi. Ukiwa na tarehe 31, una siku kumi na moja za kuamua huku unauguza. Siku hizo mtu husahau hata kula, seuze kupiga simu ya tiketi.

Nachingwea87 (saa 3:10 asubuhi)

Hapa namuunga mkono dada Salma nusu. Sisi tuliweka tarehe ya mbali, baba akapona mapema, tukataka kurudi. Ilikuwa karibu na Ramadhani, viti vya herufi yetu hakuna, tukalipa tofauti. Wanaoweka karibu wanapata hasara, wanaoweka mbali wanapata hasara. Inategemea majibu.

Kuna jambo jingine nataka kulisema kwa sababu hatukuambiwa na mtu. Mashirika mengi yana kipengele kwenye masharti yao ya usafirishaji: abiria akiugua safari ikiwa imeshaanza, akashindwa kurudi ndani ya muda wa tiketi, muda unaweza kuongezwa kwa cheti cha daktari hadi miezi mitatu tangu tarehe iliyo kwenye cheti. Na ndugu anayesafiri naye anaongezewa vilevile. Sisi cheti kilituokoa penati ya baba na ya kwangu.

KaunterNne (saa 3:34 asubuhi)

Kipo, na umefanya vizuri kukitaja. Kiko pia cha msiba: akifariki ndugu wa karibu wakati mko safarini, muda unaweza kuongezwa, kwa kawaida usiozidi siku 45 tangu siku ya kifo. Lakini kwa dada yetu nina shaka kidogo. Kipengele kinazungumzia mtu aliyezuiliwa na ugonjwa baada ya kuanza safari. Mama anaondoka akiwa mgonjwa tayari. Nimeona ofisi zikikubali, nimeona zikikataa kwa hoja hiyohiyo.

Nachingwea87 (saa 3:41 asubuhi)

Sisi walikubali. Cheti kiliandika matatizo mapya baada ya upasuaji, si ugonjwa wa mwanzo. Labda ndiyo tofauti.

KaunterNne (saa 3:45 asubuhi)

Labda. Siwezi kumhakikishia. Asiiweke kwenye bajeti, ila wakati wa kukata aombe wote wawili wawe kwenye bukingi moja, ili ionekane wazi kwamba yeye ndiye msindikizaji.

La mwisho kwangu, na hili limewaliza watu wengi mbele ya kaunta yangu. Ukibadilisha tarehe, usiridhike na karatasi inayoonyesha ndege mpya. Wakala anaweza kubadilisha bukingi na asikate tiketi upya. Karatasi inaonyesha tarehe mpya, lakini tiketi kwenye mfumo bado ni ya tarehe ya zamani. Unafika uwanjani na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, unaambiwa huna tiketi ya leo. Namna ya kujua ni rahisi: tiketi ina namba ya tarakimu 13. Baada ya kubadilisha, kwa kawaida namba hiyo huwa mpya. Tatu za mwanzo zitabaki zilezile kwa sababu ni za shirika, zinazofuata zitakuwa tofauti. Namba ikiwa ileile, mrudie wakala hapohapo.

NdoroLindi (saa 4:20 asubuhi)

Sasa basi turudi kwangu. Mtwara hadi Dar dada atafanyaje? Ile ikiwa tiketi nyingine, akichelewa ndege ya Chennai haimsubiri.

KaunterNne (saa 4:37 asubuhi)

Swali zuri kaka. Ikiwa kipande cha Mtwara kimekatwa peke yake, shirika la kimataifa halihusiki na kuchelewa kwako. Ukikosa ndege ya Chennai unahesabiwa `NO SHOW` kwenye kipande cha kwanza, na hapo mfumo unafuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na cha kurudi. Vipande vinatumika kwa mpangilio. Huwezi kuruka cha kwanza ukadai cha pili.

Machi mvua zimeanza, barabara ya Kibiti mnaijua. Fikeni Dar siku mbili kabla. Na hapo tu ndipo nakubaliana nawe: ya kutoka Dar kurudi Mtwara asikate sasa.

BintiMikindani (Jumatano, saa 11:25 jioni)

Wakuu, nimerudi. Shikamooni wakubwa, na asanteni wote.

Nilimwomba wakala picha za skrini. Alisita, akasema abiria huwa hawaulizi hayo, nikamwambia mimi nauliza. Alipotuma, ile ya mwaka inasema kubadilisha ni bure ila tofauti ya nauli inalipwa, kama alivyosema kaka wa Masasi. Ya mwezi mmoja, kwenye `MAXIMUM STAY` kuna sentensi inayokataza kuongeza. Kwa hiyo MzeeKorosho, ningekusikiliza ningekwama kule.

Nimekata ya miezi mitatu, sote wawili bukingi moja. Tarehe ya kurudi nimeweka 28 Aprili. Dada Salma nisamehe, nilifikiria sana ya 31 Machi, lakini najijua, nikiwa wodini na mama sitakumbuka simu. Laki nne nimeziweka pembeni kwenye akaunti, zimeandikwa "kubadilisha", mjomba amekatazwa kuzigusa. Viza tumepeleka ubalozini ya kawaida pamoja na barua ya wiki kumi na moja, tunasubiri.

Swali moja limebaki. Mama hawezi kukaa wima zaidi ya saa mbili. Wakati wa kwenda tutamudu kwa dawa. Wakati wa kurudi daktari akisema lazima alale, kiti chake cha nauli hii kinaweza kubadilishwa kiwe cha kulala, au ni tiketi mpya?

KaunterNne (saa 12:02 jioni)

Hiyo ya kulala ni machela, inachukua nafasi ya viti kadhaa na inahitaji kibali cha daktari wa shirika. Bei yake haitoki kwenye tiketi uliyo nayo. Piga simu ofisi ya shirika kesho, uulize ndege wanazotumia njia hiyo kama zinachukua machela, maana si zote. Waulize na fomu ya afya wanaitaka siku ngapi kabla. Ukipata jibu liandike hapa, kuna wengine watalihitaji.

BintiMikindani (saa 12:10 jioni)

Nitapiga asubuhi. Na majibu ya nyama yakitoka nitakuja kuwaambia.

MzeeKorosho (saa 12:31 jioni)

Tunasubiri binti yangu. Msalimie mama, mwambie wazee wa Mtwara tunamwombea.